Kabla Hujaandika Asilimia: Madai ya Usiku wa Matokeo Yasiyosimama

Uchaguzi wa ushirika, wa kikundi cha kuweka na kukopa, wa kamati ya shule au wa umoja wa soko haukosi mtu mwenye simu. Karani akimaliza tu kuchora vijiti kwenye karatasi ya manila ukutani, mtu huyo anapiga picha na kuirusha kundini Wasapu. Haipiti robo saa, asilimia zimeanza kuzunguka: fulani kapata 50.8, kashinda. Huku watu wanapongezana, kule wananuna, na msimamizi hata hajafunga sanduku. Asilimia hiyo huenda imekokotolewa bila kosa lolote la kugawanya na bado isiwe kweli, kwa sababu kosa lilishaingia mapema zaidi, pale vijiti viliposomwa na pale ilipochaguliwa namba ya kugawia.

Nitajibu madai ninayoyasikia kila mara kuhusu kazi hii, na nitatumia mfano mmoja niliouunda kutokana na makosa yanayojirudia. Umoja wa wafanyabiashara wa soko una wanachama 260 na unachagua mwenyekiti. Wagombea ni watatu, na kwa kuwa si kila mpiga kura anajua kusoma, kila mgombea amepewa alama: Jembe, Nyumba na Taa. (Jembe na nyumba ndizo alama walizopewa wagombea ubunge wa Tanzania kuanzia uchaguzi wa 1965, enzi za chama kimoja, kwa sababu hiyohiyo.) Katiba ya umoja inasema mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali, la sivyo wawili wa juu wanarudiana. Sanduku limefunguliwa mbele ya mawakala na kura 187 zimehesabiwa zikiwa bado zimekunjwa. Karatasi ya vijiti ni ndefu, haikuenea kwenye picha moja, basi mpigaji akapiga mbili: upande wa kushoto na upande wa kulia.

Msomaji wa kwanza kundini alipata Jembe 95, Nyumba 62, Taa 30. Alijumlisha akapata 187, akaona imelingana na kura za sandukuni, akagawanya na kutangaza kwamba Jembe ana 50.8. Kila hatua aliyopitia ina dai lake nyuma yake.

"Picha haidanganyi, hesabu kinachoonekana."

Picha inaonyesha kilichokuwa mbele ya kamera, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Picha mbili za karatasi moja karibu kila mara hurudia kipande cha katikati, kwa sababu mpigaji anaogopa kuacha pengo. Katika mfano wetu kipande kilichorudiwa kina upana wa vidole viwili tu. Kwenye mstari wa Nyumba kiliangukia nafasi tupu kati ya fungu na fungu, hakikuleta madhara. Kwenye mstari wa Jembe kiliangukia juu ya fungu la 10. Picha ya kushoto ina mafungu 10 ya Jembe na ya kulia ina 9. Msomaji akajumlisha 19, akazidisha kwa tano, akapata 95. Mafungu halisi ni 18, yaani kura 90.

Fungu lililorudiwa hukamatwa kwa kulitazama umbo. Mkono wa karani hauchori mafungu mawili yanayofanana kabisa. Fungu la 10 lina kijiti cha mshazari kilichopitiliza chini na kumalizikia kwa mkia wa wino, kalamu ya maka ilipoburuzika. Ukiona mkia huohuo, kwenye fungu la mwisho la picha ya kushoto na fungu la kwanza la picha ya kulia, ujue unatazama kitu kimoja mara mbili. Weka picha mbili kando kwa kando, tafuta alama tatu au nne za namna hiyo zinazojirudia, kisha piga mstari mwembamba mahali picha zinapokutana. Kila kilicho kulia kwa mstari huo katika picha ya kushoto kiachwe.

Ziko hitilafu nyingine zinazofanana na vijiti bila kuwa vijiti. Mkunjo wa karatasi ukipigwa na taa ya pembeni hutoa mstari mweusi ulionyooka, na ukikatiza mstari wa mgombea unaweza kuhesabiwa kuwa kura. Utautambua kwa sababu hauishii kwenye mstari wa mgombea mmoja, bali unashuka hadi kwa wengine. Wino wa maka nao huvuja, na karatasi iliyotumika pande zote mbili huonyesha vijiti vya nyuma kama vivuli vilivyofifia. Na Wasapu hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, hivyo vijiti viwili vilivyosogeleana vinaungana na kuwa kimoja kinene. Mwombe mpigaji aitume tena kama faili. Kabla ya kuhesabu chochote, hakikisha pembe zote nne za karatasi zinaonekana. Picha isiyo na pembe zote haijakuonyesha karatasi nzima, na hujui ni nini kilichobaki nje.

"Kila fungu ni tano. Hesabu mafungu, zidisha kwa tano, ongeza vilivyobaki."

Kanuni ni hiyo: vijiti vinne vya wima na cha tano cha mshazari kinachovifunga. Lakini kanuni ni moja na mikono ni mingi. Wapo makarani wanaochora vijiti vitano vya wima kisha wanafunga kwa mshazari, na kwao mshazari ni kifungo tu wala si kura. Wapo wanaosimamisha vitano na kuhesabu mshazari kuwa wa sita, bila wao wenyewe kutambua. Na karani aliyechoka, usiku wa manane, akisikia jina linatajwa huku mtu anambishia begani, hufunga fungu likiwa na vitatu.

Hilo la mwisho ndilo lililotokea kwenye mstari wa Taa. Mafungu ni sita, na anayezidisha kwa tano anapata 30. Fungu la tatu, ukilikuza, lina vijiti vitatu vya wima na mshazari, jumla nne. Nafasi kati ya kijiti cha pili na cha tatu haina hata doa la wino, kwa hiyo hakuna kijiti kilichofutika hapo. Taa ana 29.

Kwa hiyo soma kijiti kwa kijiti. Ni kazi ya dakika tano kwa karatasi ya kura 187, na njia ninayoipendekeza ni kuandika chini ya kila fungu idadi ya vijiti vyake, hata kama ni 5 mara kumi mfululizo: 5, 5, 4, 5, 5, 5. Ukiandika hivyo, fungu lenye kasoro linajitokeza lenyewe, na mtu mwingine anaweza kuhakiki kazi yako fungu kwa fungu badala ya kubishana juu ya jumla. Tazama pia desturi ya karani. Akiwa amefunga kwa kijiti cha tano kwenye mafungu thelathini na kitu, fungu moja lenye sita ni la kutiliwa shaka. Akiwa amechora sita kila mahali, basi hiyo ndiyo namna yake, na lazima aulizwe mshazari wake ni kura au ni kifungo. Usimjibie.

Pasipo na uhakika, andika shaka yenyewe: "29 au 30, fungu la tatu." Ni heri namba mbili zenye maelezo kuliko moja iliyokisiwa. Na kumbuka kwamba vijiti vya mshazari havitumiki duniani kote. Wachina huhesabu kura kwa herufi yao yenye mikwaruzo mitano, na nchi nyingi za Amerika ya Kusini huchora mraba na kuukata kwa mshazari, mraba kamili ukiwa tano. Ukitumiwa karatasi ya jumuiya ya watu walioishi huko, jua kwanza wanahesabuje.

"Jumla imelingana na kura za sandukuni, kwa hiyo tumesoma sawa."

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, kwa sababu linafanana sana na uhakiki. Msomaji wetu alipata 187, na sandukuni zimetoka 187. Alichosahau ni kura zilizoharibika. Kona ya chini kulia ya picha ya pili, kwa kalamu ya kawaida iliyofifia, karani ameandika "zilizoharibika 6". Kura hizo zilitoka sandukuni lakini hazina kijiti kwa mgombea yeyote. Kwa hiyo vijiti vya wagombea watatu havipaswi kufika 187. Vinapaswa kufika 181. Msomaji alikuwa na ziada ya vijiti sita: vitano vya fungu lililorudiwa na kimoja cha fungu pungufu. Ziada hiyo ililingana na kura sita zilizoharibika, na makosa yakafichana.

Hesabu sahihi ya kulinganisha ni hii: kura za wagombea wote, ukiongeza zilizoharibika, ziwe sawa na kura zilizotoka sandukuni. Jembe 90, Nyumba 62, Taa 29, zilizoharibika 6, jumla 187. Pale tulipoandika Taa "29 au 30", hesabu hii inaiondoa 30, kwa kuwa jumla ingefika 188. Kisha kura zilizotoka sandukuni zilinganishwe na karatasi za kura zilizogawiwa. Sanduku likitoa nyingi kuliko zilizogawiwa, tatizo ni kubwa na halihusu tena kusoma picha.

Hata hesabu hii ikilingana, kuna kosa moja isiloweza kulikamata: kijiti kilichochorwa kwenye mstari usio wake. Kura ya Nyumba ikitajwa na karani akachora kwa Jembe, jumla inabaki 187 ileile. Picha nayo haitakuambia, kwa kuwa kijiti kipo, kimeonekana, kimesomwa sawasawa. Kinachoweza kulikamata ni kura zenyewe tu. Ndiyo sababu nasema bila kusita kwamba tofauti ikiwa ya kura moja au mbili, kama itakavyoonekana hapa chini, picha haina mamlaka ya kuamua. Sanduku lifunguliwe, kura zigawanywe mafungu kwa mgombea na zihesabiwe upya mbele ya mawakala.

"Karani ameshaandika jumla pembeni. Kuhesabu vijiti upya ni kumvunjia heshima."

Namba ya pembeni imezaliwa na vijiti. Karani alivihesabu akaiandika, na kama alikosea kuvihesabu, vijiti bado vipo vya kumsahihisha. Ukichukua namba na kuacha vijiti, unarithi kosa lake na kuliongezea lako la kusoma mwandiko: 1 na 7, 3 na 8, 0 na 6. Anayehesabu vijiti upya anaifanyia kazi ya karani uhakiki, na karani mwema anautaka.

Indonesia inatupa funzo la wazi. Huko kila kituo cha kura hubandika karatasi kubwa ukutani, nao huchora kura kwa vijiti vya tano tano, kisha jumla huandikwa kwa tarakimu. Mwaka 2014, tume yao ya uchaguzi ilipoweka hadharani picha za fomu za vituo, raia wa kujitolea chini ya mradi wa Kawal Pemilu waligawana picha hizo na kuingiza namba kwa mikono, na mtu yeyote akaweza kurudi kwenye picha akalinganisha. Mwaka 2024 tume ilitumia programu iitwayo Sirekap, iliyosoma tarakimu kwenye picha za simu. Tarakimu zikasomwa vibaya katika vituo kadhaa, mgombea akaonekana na kura nyingi kuliko ukomo wa wapiga kura 300 uliowekwa kwa kituo. Tume ilikiri makosa ya usomaji, na matokeo ya kisheria yalitokana na majumuisho yaliyofanywa na watu, ngazi kwa ngazi. Yaliyogunduliwa kwa urahisi ni yale yaliyovuka ukomo. Kosa la kusoma 48 kuwa 43 halivuki ukomo wowote, na hulipati mpaka mtu arudi kwenye karatasi.

Jambo moja la utendaji hapa. Anayehesabu vijiti asione jumla ya karani kwanza. Akiiona, macho yake yataitafuta, na atafika hapohapo hata kama fungu moja limekosewa. Funika ukingo wa picha kwa karatasi au ukate picha, hesabu, andika, ndipo ufunue. Wawe wasomaji wawili, mmoja aanze kushoto na mwingine aanze kulia, wasizungumze mpaka wote wamemaliza.

"Asilimia ni asilimia. Gawanya kwa jumla, basi."

Jumla ipi? Kura 90 za Jembe ukizigawanya kwa kura halali 181 ni asilimia 49.7. Ukizigawanya kwa kura zote zilizotoka sandukuni, 187, ni 48.1. Ukizigawanya kwa wanachama 260 ni 34.6. Kugawanya ni sahihi mara zote tatu, na majibu ni matatu kwa sababu maswali ni matatu. Swali gani lijibiwe linaamuliwa na katiba ya chombo husika, na msomaji wa picha hana ruhusa ya kuchagua.

Jambo hili limefika mahakamani. Katika uchaguzi wa rais wa Kenya wa 2013, Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa amepata asilimia 50.07, na kiwango cha kushinda ni zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Hesabu hiyo ilijumuisha kura zilizokataliwa, na zikiondolewa inakuwa asilimia 50.51. Mahakama ya Juu iliamua mwaka huohuo kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe kwenye kukokotoa asilimia. Katiba ya Uganda ilikwishajiepusha na ubishi huo kwa kuandika waziwazi kwamba nusu inayotakiwa ni ya kura halali. Umoja wetu wa soko umeandika vivyo hivyo, basi namba ya kugawia ni 181.

Wanaotumia jedwali la kompyuta hukosea hapa kwa namna moja ya kila siku. Wagombea wako safu ya 2 hadi ya 4, kura zilizoharibika safu ya 5, na mtu anaburuza kipanya hadi chini kabisa. Fomula inayotakiwa inaishia safu ya 4:

```
=B2/SUM(B$2:B$4)*100
```

Ukiandika `B$5` badala ya `B$4`, kompyuta haitakulalamikia. Itakupa 48.1 kwa utulivu uleule ambao ingekupa 49.7.

"Kadiria tu, 49.7 ni sawa na 50."

Kwa kuchora mchoro wa ukutani, ndiyo. Kwa kutangaza mshindi, hapana, na mfano wetu unaonyesha kwa nini. Ukiondoa desimali, Jembe ana 50, Nyumba 34, Taa 16. Jumla ni 100 safi, inapendeza, na mtu atasema nusu imefikiwa. Nusu haijafikiwa, na hata ingefikiwa, katiba inataka zaidi ya nusu. Nusu ya 181 ni 90.5, hivyo kura ya chini inayoshinda ni ya 91. Jembe ana 90. Amepungukiwa na kura moja.

Kwa hiyo kiwango cha ushindi kipimwe kwa kura, kamwe kisipimwe kwa asilimia iliyokadiriwa. Asilimia ziandikwe baadaye, kwa desimali moja na zikiandamana na idadi ya kura: Jembe 90 (49.7), Nyumba 62 (34.3), Taa 29 (16.0). Wakati mwingine asilimia zilizokadiriwa zitajumlika 99.9 au 100.1. Wagombea watatu wakigawana kura 60 sawasawa, kila mmoja ana 33.3, na jumla ni 99.9. Hilo si kosa, na anayemwongezea mmoja wao 0.1 ili ifike 100 amempa mgombea kitu ambacho hakuna mpiga kura aliyempa.

Uamuzi wa karatasi hii ni kwamba hakuna mshindi katika duru ya kwanza. Kwa kuwa pengo la Jembe na ushindi ni kura moja, na kijiti kimoja kilichochorwa mstari usio wake kingetosha kulifuta au kulipanua, kura zihesabiwe upya kabla ya kuitisha duru ya pili kati ya Jembe na Nyumba.

Nawe utakayeshika simu usiku wa matokeo: piga picha karatasi nzima kutoka mbele, pembe zote nne zionekane, na itume kama faili. Andika chini yake kura zilizogawiwa, zilizotoka sandukuni na zilizoharibika. Asilimia muachie atakayehesabu vijiti.